Jibu Likikatika Katikati: Namna ya Kumrudishia Msailiwa Uzi Wake

"Nikagundua idadi iliyoandikwa kwenye leja na ile iliyokuwa kwenye rafu hazilingani, kwa hiyo tuka... yaani, mimi na mwenzangu tuka..."

Hapo msailiwa akanyamaza. Nafasi ilikuwa ya mtunza stoo, na swali lilikuwa la kawaida: atueleze siku aliyokuta hesabu ya bidhaa ina kasoro, na alichofanya. Mimi ndiye niliyeuliza. Nilimwona anahangaika, nikamhurumia, nikamsaidia: "Mkatoa taarifa kwa msimamizi?" Uso ukamkunjuka. "Ndiyo, tukatoa taarifa." Nikaandika kwenye karatasi ya alama kwamba hutoa taarifa mapema, nikampa nne kati ya tano, tukaendelea na swali linalofuata.

Jioni tulipokaa kulinganisha alama, mjumbe mwenzangu wa jopo aliniuliza kitu kimoja tu: hayo maneno ya kutoa taarifa aliyasema nani? Niliyasema mimi. Alama nne nilizotoa zilikuwa za jibu langu mwenyewe, na yule mtu aliondoka bila sisi kujua alichofanya siku ile stoo.

Mwongozo huu unahusu kipande hicho kifupi cha usaili: sekunde kumi hivi baada ya jibu kukatika kabla wazo halijaisha, na sentensi moja au mbili ambazo msaili husema kisha. Kazi ya sentensi hizo ni kumrudishia msailiwa uzi wake pale ulipomponyoka, bila kuongeza hata nyuzi moja ya kwako.

Kwanza, hakikisha ni jibu lililokatika

Si kila ukimya ni uzi uliopotea. Kuna anayenyamaza kwa sababu amemaliza, kuna anayenyamaza kwa sababu wazo limemtoka, na kuna anayenyamaza kwa sababu amefika mahali ambapo hataki au haruhusiwi kupita. Ukichanganya aina hizi utamsukuma mtu aliyemaliza, au utamwacha aliyekwama.

Alama inayoaminika kuliko zote iko kwenye sentensi yenyewe. Sikiliza neno la mwisho. Likiwa ni kiunganishi, kama "kwa sababu", "ila", "kwa hiyo" au "halafu", sentensi inaning'inia na mwenyewe anajua inaning'inia. Vivyo hivyo kitenzi kilichoishia kwenye viambishi, "nika...", "tuka...", "akani...": mtu ameshachagua nani alitenda na kwamba tendo lilifuata jingine, ila tendo lenyewe limempotea. Sikiliza na sauti. Sentensi iliyokwisha huteremka mwishoni, ilhali iliyokatika hubaki juu au hupungua nguvu bila kutua. Milio kama "aa" na "mm" huonyesha kwamba bado anatafuta, na kwamba hajakuachia zamu ya kusema.

Macho yape uzito mdogo. Wapo wanaotazama chini wakifikiri, na wapo waliolelewa kumtazama chini mkubwa anayewauliza. Mtu huyo akitazama meza si lazima awe amepotea, na akikutazama usoni si lazima awe amemaliza.

Kama usaili unafanyika kwa video, kuna jambo jingine la kuondoa kabla ya yote. Huenda jibu halikukatika kabisa, ni mtandao umeganda. Tazama kama kope zake zinapepesa. Zisipopepesa, sema ulipoishia kusikia: "Kwangu sauti imekatika uliposema 'mimi na mwenzangu'. Naomba urudie kuanzia hapo." Sentensi hiyo inafaa hata kama ni yeye aliyekwama, kwa sababu inamrudisha mahali halisi bila kumwaibisha. Lakini usiiseme kama si kweli. Akigundua kwamba sauti ilikuwa ikifika vizuri, atajua unamfichia, na ataanza kujilinda.

Pili, subiri, na ujue kwa nini kusubiri ni kugumu

Katika mazungumzo ya kawaida watu hupokezana zamu haraka mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha lugha 10 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ukakuta kwamba nafasi kati ya swali na jibu ni takriban sehemu ya tano ya sekunde kwa wastani. Masikio yetu yamezoea mwendo huo. Ndiyo maana ukimya wa sekunde moja tu huanza kuwa mzito, na ule wa sekunde tatu hukufanya uhisi kuna kitu kimeharibika. Hisia hiyo ni yako wewe msaili. Msailiwa anayetafuta wazo lake hahesabu sekunde kama wewe, maana ana kazi nyingine kichwani.

Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, alilipima jambo hili madarasani na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1970. Walimu walikuwa wakisubiri kama sekunde moja baada ya kuuliza swali, au baada ya mwanafunzi kunyamaza, kabla ya kusema tena. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wakaongeza mambo wenyewe bila kuulizwa. Chumba cha usaili si darasa, ila kusitasita katikati ya jibu ni kule kule: mtu akipewa nafasi kidogo, mara nyingi huurudia uzi wake mwenyewe.

Kwa hiyo subiri sekunde tatu hadi tano kabla ya kufungua mdomo. Kwenye video ongeza sekunde moja au mbili, kwa kuwa sauti huchelewa kufika na mnaweza kugongana maneno, jambo ambalo humpotezea uzi kabisa hata aliyekuwa ameshaupata.

Kusubiri kunahitaji kitu cha kufanya, la sivyo utasema tu. Ninachofanya mimi, na ndicho ninachowashauri wajumbe wapya wa jopo, ni kuandika maneno yake matano au sita ya mwisho kama alivyoyasema. Usiandike muhtasari, andika maneno yenyewe: *"...hazilingani, kwa hiyo tuka... mimi na mwenzangu"*. Kuandika huko kunachukua karibu sekunde nne. Kunakuzuia kusema, kunamwondolea mzigo wa kutazamwa, na kunakupa mkononi kifaa utakachohitaji katika hatua inayofuata. Ukimaliza, inua uso taratibu na tulia. Usigonge kalamu, usigeuze ukurasa, usitazame saa. Kugeuza ukurasa kunamwambia kwamba swali limefungwa.

Usivuke sekunde kumi. Ukimya mrefu zaidi ya hapo haumsaidii tena, unamtisha. Anaacha kutafuta wazo lake na kuanza kutafuta namna ya kutoka, na hapo ndipo utasikia "basi ni hayo tu", maneno ambayo wasaili wengi huyaandika kama mwisho wa jibu ilhali ni kukata tamaa.

Tatu, mrudishie maneno yake ya mwisho

Hapa ndipo penye ufundi, na nitakaa hapa kwa muda.

Mtu aliyekatika katikati ya wazo kwa kawaida hakupoteza alichojua. Alikuwa ameshikilia mambo mengi kwa pamoja: tukio lenyewe, mpangilio wa kulisimulia, nyuso tatu zinazomtazama, na wasiwasi kama anajibu lililoulizwa. Kimoja kikamponyoka, mara nyingi kile cha mahali alipofika. Ukimrudishia mahali hapo, mengine humfuata yenyewe. Kwa hiyo humpi jibu wala humpi swali jipya. Unampa kipande cha mwisho kilicho kamili katika maneno yake:

"Ulikuwa unasema idadi ya kwenye leja na ya kwenye rafu hazikulingana, na ulikuwa na mwenzako."

Kisha unanyamaza tena. Sauti yako iachwe wazi mwishoni, kama ya mtu aliyeshika mlango. Isipande kama ya swali, maana swali hudai jibu la ndiyo au hapana. Isishuke kama ya hukumu.

Chagua kipande kilicho karibu zaidi na mahali alipokatika. Wasaili wengi hurudi mwanzo: "Kwa hiyo tulikuuliza kuhusu siku uliyokuta hesabu ina kasoro..." Hilo humlazimu msailiwa kupanda mlima wote upya, na mara nyingi atasimulia tena yale uliyokwisha kuyasikia, achoke, akwame pale pale. Mrudishe hatua moja nyuma, usimrudishe mwanzo wa safari.

Sasa, mbona usiseme tu "Endelea"? Neno hilo linaonekana jema, na kwa mtu anayesitasita kwa adabu, akingoja ruhusa ya kuendelea, linatosha kabisa. Lakini kwa aliyepotewa na uzi halina kitu cha kushika. Anajua anatakiwa kuendelea, asichojua ni kuendelea kutoka wapi. Baada ya "Endelea" utamwona anacheka kidogo na kusema "samahani, nilikuwa nasema nini?" Akifika hapo, jibu swali lake kwa utulivu kwa maneno yake uliyoyaandika.

Kosa kubwa zaidi ni lile nililofanya mimi, la kumlisha mtu maneno. Linatokea kwa sura tatu, na zote husemwa kwa upole, ndiyo maana hazionekani.

Sura ya kwanza ni kumalizia sentensi yake: "...mkatoa taarifa?" Msailiwa yuko mahali pa chini, wewe una uamuzi. Ukimpa njia ya kutoka ataipita, hata kama siyo yake. Wala si lazima awe mwongo. Wakati mwingine anadhani hilo ndilo unalotaka kusikia, na wakati mwingine kwa sekunde ile neno lako limefunika lile alilokuwa akilitafuta.

Sura ya pili ni kubadilisha neno. Yeye amesema "hazilingani", wewe unamrudishia "ulipogundua wizi". Yeye amesema "tulizungumza", wewe unasema "mlipogombana". Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 jinsi neno moja la muulizaji linavyoweza kuvuta jibu. Waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kwa kasi gani, ila wakibadilisha kitenzi tu. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, cha magari kupondana, walikadiria kwa wastani karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi laini, cha magari kugusana, walikadiria karibu maili 32. Filamu zilikuwa zile zile. Basi neno lako likimfikia mtu wakati yuko katikati ya kukumbuka, kuna hatari likaingia ndani ya kumbukumbu anayoisimulia.

Sura ya tatu ni ndogo kiasi kwamba sijamwona msaili anayeikwepa bila kufundishwa, nayo iko kwenye viambishi vya Kiswahili chetu. Msailiwa amesema "tuka...". Ukimrudishia "uka...", umemwondoa mwenzake kwenye tukio na kumpa yeye kazi yote. Na aliyesema "nika...", ukamrudishia "mka...", umemnyang'anya kazi aliyoifanya peke yake. Katika usaili ni muhimu sana kujua nani alifanya nini, na lugha yetu hubeba habari hiyo kwenye silabi moja. Kwa hiyo "ni" irudi kuwa "u", na "tu" irudi kuwa "m". Kama unataka kujua yeye binafsi alifanya nini, na mara nyingi utataka, uliza hilo kwa swali lake mahususi jibu likishakamilika: "Katika hayo mliyoyafanya, yapi yalikuwa yako?" Usilipenyeze kwenye kumrudishia uzi.

Usaili mmoja, neno kwa neno

Miezi kadhaa baada ya kosa langu tulisaili tena kwa nafasi ya aina ile ile, kwa swali lile lile. Mwombaji mmoja, dada aliyekuwa amefanya kazi stoo miaka michache, alikwama karibu mahali pale pale.

"Leja ilikuwa inasema 480, sisi tumehesabu 436. Zimepungua 44. Kwa hiyo tukahesabu tena, ikaja ile ile, halafu mimi nika... aa..."

Niliandika: *tukahesabu tena, ile ile, halafu mimi nika*. Nikainua uso. Kimya kilikuwa kama sekunde tano.

"Mlihesabu tena, ikaja ile ile," nikasema, "halafu wewe..."

"Eeh, halafu mimi nikasema hebu tutazame hati za kupokelea mizigo. Kwa sababu zamu ya usiku ilikuwa imepokea, na wao huwa..." Akasita tena, safari hii mfupi. Sikusema kitu. "Huwa wanaweka kwenye kona ya bidhaa zilizorudishwa kama rafu imejaa. Tukaenda, tukakuta katoni tatu za 12 kila moja. Hizo ni 36. Zikabaki nane."

Kisha akakatika kabisa. Alitazama mikono yake. Nilisubiri, nikamrudishia: "Zikabaki nane." Hakuna kilichotoka. Hapo maneno yake peke yake hayakutosha, nikapanda ngazi inayofuata.

"Turudi pale kwenye kona, mmeshahesabu zile katoni. Wewe na mwenzako mmesimama hapo. Kitu gani kilifuata?"

Akavuta pumzi. "Mwenzangu alitaka tuandike tu 480 ili zilingane. Mimi nikakataa. Nikaandika zile nane hazijaonekana, nikasaini, asubuhi nikamwambia msimamizi. Mwenzangu hakufurahi."

Tazama kilichokuwa nyuma ya ukimya ule. Hakuwa amesahau. Alikuwa akipima kama aseme kwamba mwenzake alitaka kughushi hesabu. Ningemuuliza "mkatoa taarifa?" angesema ndiyo, na angekuwa mkweli, lakini tungekosa sehemu mbili zenye uzito kuliko zote: kwamba wazo la kutazama hati lilikuwa lake, na kwamba alisimama peke yake kukataa namba ya uongo. Tungeandika sentensi ile ile niliyomwandikia yule wa kwanza.

Nne, ngazi ya pili na ya tatu, kisha basi

Kama ulivyoona, maneno ya mwisho yasipofaa, ngazi ya pili ni kumrudisha mahali penyewe. Mtajie alipokuwa, kwa vitu alivyovitaja yeye tu, kisha uliza swali lililo wazi: "Kitu gani kilifuata?" au "Hapo uliona nini?" Mtu akirudishwa kwa mawazo mahali tukio lilipotokea hukumbuka kwa urahisi zaidi kuliko akiulizwa kwa jumla, na wahoji wa mashahidi wanaitumia sana mbinu hii. Sharti ni moja: usiweke mahali hapo kitu ambacho yeye hakukiweka. Asipotaja mwenzake, usimweke mwenzake.

Epuka "kwa nini" katika ngazi hii. Mtu aliyekwama akiulizwa "kwa nini ulifanya hivyo?" husikia anashtakiwa, na huanza kujitetea badala ya kusimulia.

Ngazi ya tatu ni kuliacha kwa heshima: "Tuliweke hapa kwanza. Tutalirudia kabla hatujamaliza, na ukilikumbuka hata kabla ya hapo, niambie." Chora nyota pembeni ya swali kwenye karatasi yako. Baada ya hapo usidodose tena. Mara ya nne inakuwa mahojiano ya polisi, na kila utakachokipata kitakuwa kimetokana na kubanwa.

Ngazi zote tatu huchukua dakika moja, ikizidi moja na nusu. Ukiwa na maswali sita kwa dakika 45, tenga dakika tano hivi kwa ajili ya kazi hii tangu unapopanga ratiba. Msaili aliyebanwa na muda ndiye anayemalizia watu sentensi.

Anaposimama kwa sababu nyingine

Akinyamaza baada ya kutaja mtu, kampuni, mteja au mkataba, huenda anapima kama ana haki ya kusema. Mfungulie mlango: "Huna haja ya kutaja jina la mtu wala la mahali. Tunachotaka kujua ni ulichofanya wewe." Mara nyingi hilo pekee humfungua.

Akinyamaza kwa uchungu, mambo hubadilika. Hutokea: unamuuliza mtu kuhusu siku ngumu kazini, naye anakumbuka siku aliyompoteza mwenzake au aliyofukuzwa. Usimrudishie maneno yake ya mwisho, maana huenda maneno hayo ndiyo yanayomchoma. Mwachie muda, msogezee maji, kisha mpe uamuzi: "Tunaweza kuchukua mfano mwingine kabisa, na hutapoteza chochote." Usimdodose kuhusu ugonjwa, familia wala msiba, hata kama yeye ndiye aliyeugusia. Hayo hayapimi kazi.

Na yuko mwenye kigugumizi. Huyu anajua hasa anachotaka kusema, neno tu ndilo halitoki. Uzi anao mkononi, kwa hiyo kumrudishia ni kumkatiza. Tofauti utaisikia: sauti ya kwanza ya neno hujirudia au huvutwa, au midomo imeshakaa kwenye umbo la neno na hewa haipiti. Mtazame kama unavyomtazama yeyote, subiri hadi amalize, hata zikizidi sekunde kumi. Usimwambie atulie wala avute pumzi, na usimtajie neno hata ukilijua. Akiomba umsaidie, msaidie kwa namna anayotaka yeye.

Jopo likiwa na watu watatu

Kubalianeni kabla ya kuingia: aliyeuliza swali ndiye pekee anayelifuatilia. Nimeona mara nyingi mwenyekiti akisubiri vizuri kabisa, sekunde ya tatu, ya nne, halafu mjumbe wa pembeni anaruka: "Labda nikuulize kwa namna nyingine." Swali jipya likija juu ya wazo lililokatika, msailiwa ana nyuzi mbili za kutafuta, na karibu kila mara huiacha ile ya kwanza. Wengine waandike, wanyamaze, wasipeane macho. Kupeana macho huonekana kuliko mnavyofikiri.

Kuandika na kutoa alama

Kwenye karatasi, weka alama ya D mahali ulipododosa, na pembeni andika maneno uliyoyasema wewe. Sio kumbukumbu ya jumla, ni maneno yenyewe: *D: "halafu wewe..."*. Faida yake utaiona mnapolinganisha alama. Kila kilichoandikwa baada ya D kinaweza kupimwa kwa swali ambalo mwenzangu aliniuliza: hili alilisema nani? Kama neno la kumpatia alama lilianzia kinywani mwa msaili, halihesabiwi. Ukigundua mle mle chumbani kwamba umemlisha mtu maneno, bado kuna njia. Sema: "Samahani, hilo nimelisema mimi. Nieleze kwa maneno yako ilivyokuwa." Mara nyingi utapata jibu tofauti na lile "ndiyo" la mwanzo.

Alama zitolewe kwa kilichosemwa, si kwa ulaini wa kusema. Kusita hakupunguzi alama, isipokuwa kazi yenyewe ni ya kusema bila kusita, mfano kusoma taarifa hewani, na hata hapo liwe limeandikwa kwenye vigezo kabla ya usaili. Na ngazi hizi wapewe wote. Kinachotokea bila mtu kukusudia ni kwamba yule tuliyempenda tangu mlangoni hurudishiwa uzi mara tatu kwa tabasamu, na yule tusiyemzoea akikwama tunasema "asante" na kugeuza ukurasa. Hesabu za D kwenye karatasi zitakuonyesha hilo. Ukikuta wawili walikatika katika swali lile lile, mmoja ana D tatu na mwingine hana hata moja, alama zao za swali hilo hazilinganishiki.

Halafu iko ile nyota. Zikibaki dakika tano, kabla hujamuuliza kama ana swali lolote, rudi kwenye swali ulilolichorea, na uanze tena na maneno yake: "Mwanzoni ulituambia kuhusu hesabu ya stoo, mkafika mahali zikabaki nane." Yule dada hakuhitaji kurudishwa. Katika usaili huo huo yupo kijana aliyehitaji, na alilimalizia jibu lake lote kwa pumzi moja, akiwa ameshafunga begi lake.